Jinsi nilivyosahihisha hisa za mwanachama aliyejitoa

Nilipokuwa nafunga hesabu za chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa, leja ilionyesha mtaji wa hisa wa shilingi 6,400,000, lakini thamani ya hisa zote kwenye rejesta ya wanachama ilifika 6,200,000 tu. Pengo la 200,000 lilinikosesha usingizi.

Nikapitia hati za malipo moja moja. Mzee mmoja alikuwa amejitoa akiwa na hisa 20 za shilingi 10,000, na deni la pembejeo 35,000. Bodi iliridhia akatwe deni, akalipwa 165,000. Jina lake lilifutwa kwenye rejesta, ila malipo yaliandikwa kwenye Akiba ya Lazima! Akiba ile ni ya chama kizima. Anayeondoka hapewi fungu lake wala hisa zake hazirudishwi kutoka humo. Deni nalo lilibaki wazi vitabuni.

Sikugusa maingizo ya zamani. Niliandika hati mpya ya jono: debiti Mtaji wa Hisa 200,000; krediti Akiba ya Lazima 165,000; krediti Wadaiwa wa Pembejeo 35,000. Leja na rejesta zikalingana.

Kwenye rejesta nilirudisha jina lake, kisha nikajaza tarehe ya kujitoa, hisa zilizofutwa, namba ya hati ya malipo na ya muhtasari wa kikao. Cheti chake cha hisa nikakigonga muhuri wa "IMEFUTWA". Namba yake ya uanachama hatumpi mtu mwingine.