Ratiba ya matengenezo ninayowapa wapangaji wangu kila Januari

Nyumba zangu za kupangisha ni sita, zimeungana chini ya paa moja refu la bati, na gata inapita upande wote wa nyuma. Januari inapofika katikati, kila mpangaji anakuwa ameshapata karatasi ya ukurasa mmoja yenye tarehe za kazi za mwaka mzima. Kilichohitaji kufikiriwa zaidi katika karatasi hiyo ni mfuatano: paa kwanza, gata baadaye, rangi mwisho. Ukivuruga mfuatano huo, kazi moja inaharibu nyingine. Fundi akipanda juu ya paa anaangusha kutu, misumari ya zamani na vipande vya bati, na vyote vinaishia kwenye gata. Ukiwa umeisafisha wiki iliyotangulia, utaisafisha tena. Na rangi ikipakwa juu ya ukuta ambao bado unarushiwa maji na gata mbovu, itabanduka hata iwe ya bei gani.

Tarehe nazipata kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka mvua. Ninapoishi, mvua kubwa huanza katikati ya Machi, kwa hiyo ukaguzi wa paa ni tarehe 10 Februari, na gata tarehe 14 Februari. Hapo inabaki nafasi ya karibu mwezi mzima ya kurekebisha kitakachoonekana. Gata inasafishwa tena tarehe 8 Juni, mvua zikishapungua, na rangi ya nje inaanza tarehe 20 Julai. Mvua zikianza mwezi mwingine, tarehe zinahama zote pamoja na hesabu inabaki ileile.

Kila kazi nimeiwekea pia tarehe ya akiba. Paa lina tarehe 12 Februari, kwa sababu hakuna fundi anayepaswa kukanyaga bati lililolowa. Mpangaji aliyekwisha kuambiwa kwamba siku inaweza kusogea hadi siku fulani halalamiki inaposogea. Kinachomuudhi ni kukaa akisubiri bila kujua.

Siku ya paa, kazi inaanzia ndani. Fundi anapanda darini kupitia kijidirisha cha dari, anazima tochi na kutulia kidogo. Tundu lolote kwenye bati litaonekana kama nukta ya mwanga. Kisha anawasha tochi na kutafuta alama za maji kwenye kenchi na papi, zile duara zenye ukingo wa kahawia. Akitoka nje anakanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake kuna papi inayobeba uzito. Anaangalia zaidi mpira ulio chini ya kichwa cha msumari. Jua huukausha hadi ukapasuka, na bati linalotanuka mchana na kusinyaa usiku huuvuta msumari juu kidogo kidogo. Msumari uliolegea haufai kupigwa nyundo urudi palepale, kwa kuwa tundu la kwenye mbao limeshapanuka. Unang'olewa, na mahali pake inawekwa skrubu ya bati iliyo nene zaidi, yenye mpira mpya.

Nyundo juu ya bati ina kelele, na hilo ndilo lililonifundisha thamani ya kutoa ratiba mapema. Mpangaji wa nyumba namba 2 ni mlinzi wa usiku. Alipopata karatasi alinijia: "Shikamoo mama. Hiyo tarehe 10 nitakuwa natoka zamu asubuhi, nalala mpaka saa nane." Tukapanga upande wake wa paa ukaguliwe kuanzia saa tisa alasiri, na fundi akaanza upande wa mbali. Kama ningebandika tangazo mlangoni jioni ya kuamkia kazi, lisingemkuta.

Gata nayo ina utaratibu wake. Kwanza tunachomoa bomba linaloingia kwenye tangi la maji, uchafu usije ukaishia kwenye maji ya watu. Tundu la bomba la kushushia maji tunaliziba kwa kitambaa ili majani yasisukumiwe humo. Majani na udongo vinatolewa kwa mkono wenye glavu na kutiwa ndooni. Baada ya hapo kitambaa kinatolewa, inamwagwa ndoo ya maji upande wa juu, na tunatazama. Gata iliyo sawa inashuka kati ya milimita 6 na 10 kwa kila mita 3, na maji yote yanaondoka. Yakibaki yametuama mahali, hapo kishikio kimelegea au gata imepinda.

Kwa jaribio hilo tulijua kwa nini ukuta wa nyuma wa nyumba namba 4 ulikuwa ukibanduka rangi. Maji yalituama katikati, juu kabisa ya doa, na mengine yalipita nyuma ya gata yakiteremka ukutani. Ukingo wa bati ulikuwa mfupi, haukufika ndani ya gata, hivyo maji yaligeukia chini yake na kufuata ubao wa mbele. Fundi aliinua vishikio viwili, akachomeka chini ya ukingo wa bati kipande cha bati kilichokunjwa, kikaning'inia karibu sentimita 5 ndani ya gata. Mvua za Machi zilipokuja, doa halikuongezeka.

Hata hivyo ukuta ulionyweshwa kwa muda mrefu haukauki kwa wiki chache. Kabla ya tarehe ya rangi nilibandika kwenye doa kipande cha nailoni cha kama nusu mita kila upande, nikaziba kingo zote kwa utepe na kukiacha usiku kucha hadi siku ya pili. Upande wa ndani wa nailoni ulikuwa na matone, kwa hiyo unyevu ulikuwa bado unatoka ukutani. Kuta nyingine zikapakwa Julai, na ule wa namba 4 ukahamia tarehe ya akiba, 17 Agosti. Mpangaji aliuliza, "Mama, mimi mbona nimerukwa?" Nikamwonyesha matone na tarehe yake kwenye karatasi. Agosti nailoni ilitoka kavu. Chumvi nyeupe iliyokuwa imejitokeza tuliiondoa kwa brashi kavu, kwa sababu ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani ya ukuta, kisha tukapaka praima na mikono miwili ya rangi, asubuhi ukuta ukiwa kivulini.

Maneno ya karatasi nayafanya mafupi, kwa kuwa mpangaji anataka kujua mambo machache tu. Sehemu ya gata, kwa mfano, inasomeka hivi:

"Tarehe 14 Februari, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, tutasafisha gata ya nyuma. Ikinyesha, tutafanya tarehe 16. Tafadhali anua nguo za kamba ya nyuma na ufunike ndoo zako. Hakuna atakayeingia ndani ya nyumba yako. Usichote maji ya tangi hadi nikujulishe kwamba bomba limerudishwa."

Sentensi ya kutoingia ndani ndiyo iliyopunguza maswali kuliko zote. Siku ya paa, ambapo fundi lazima apite kwenye kijidirisha cha dari kilichomo nyumba namba 5, mpangaji wa hapo anapata karatasi yake tofauti yenye saa kamili, na mimi mwenyewe nasimama mlangoni mpaka fundi atoke. Wiki moja kabla ya kila kazi natuma ujumbe mfupi wa kukumbusha, na jioni ya kuamkia kazi napita mlango kwa mlango.