Alhamisi yangu na picha ya mwisho ya mama wa mtu

Saa mbili asubuhi nafungua kibanda changu Kondele, Kisumu. Alhamisi ndiyo siku yangu ngumu. Mazishi mengi huku ni Jumamosi, mwili unatoka mochari Ijumaa, kwa hiyo programu sharti zichapishwe leo. Kabla hata sijanywa chai, naukuta ujumbe mrefu kwenye simu, umeandikwa kama barua:

“Kaka, pole kwa kukusumbua mapema. Tunamzika mama Jumamosi huko Yala. Picha hii nilimpiga Jumapili wodini, mjukuu wake alikuwa amemchekesha. Ndiyo ya mwisho. Naomba uitoe mipira ya puani na ile plasta. Basi. Usimfanye msichana, usimvalishe nguo za harusi. Nataka wamwone yeye.”

Naipenda barua ya namna hii. Wengi huniandikia “mtengeneze tu”, kisha tunagombana.

Saa mbili na nusu namjibu: pole sana dada, nitumie picha hiyo tena, lakini kama Document, si kama picha. WhatsApp huifinya picha, na nikiikuza ngozi inakuwa vibandiko vya miraba. Namwomba pia picha nyingine mbili za mama akiwa mzima, maana siwezi kuona kilicho chini ya plasta, na sitaki kukibuni.

Saa tatu picha zinafika. Sasa ya wodini ina pikseli 3000 kwa 4000. Jalada linataka picha ya sentimita 10 kwa 13, yaani takriban pikseli 1200 kwa 1500, kwa hiyo hata nikikata kitanda na kubaki na kichwa na mabega, inatosha.

Kuna mipira miwili. Wa oksijeni unapita mashavu yote mawili hadi nyuma ya masikio. Wa kulishia unaingia tundu la kulia la pua, umeshikwa na plasta kuanzia puani hadi shavuni. Naanza na wa oksijeni, kwa sababu juu na chini yake kuna ngozi ya kuazima. Nafanya kazi kwenye tabaka jipya, ile ya asili siigusi. Nachukua ngozi karibu kabisa na mpira, kidogo kidogo, maana ya shavuni ina vinyweleo tofauti na ya karibu na sikio.

Wanaojifunza hukosea hapa: wanautoa mpira, wanausahau mwangaza wake na kivuli chake. Kinabaki kijistari cheusi shavuni, na mazishini watu wanaulizana mama alikatwa na nini. Kivuli kimoja kilinila nusu saa.

Saa tano umeme unapotea. Nakunywa ile chai, imeshapoa.

Saa sita na nusu naingia kwenye plasta. Kati ya zile picha mbili, moja ni ya kitambulisho, ndogo haisaidii. Nyingine ni selfi, mama na mpwa wake, na shavuni kuna chunjua dogo, shavu la kushoto. Natazama ya wodini: shavu la kushoto liko wazi, halina kitu. Nikadhani simu ililifuta. Nikaikuza selfi hadi nikaona leso ya mama: maandishi yake yanasomeka kinyumenyume! Kamera ya mbele ilikuwa imeigeuza picha kama kioo. Chunjua liko kulia, chini ya plasta kabisa. Nageuza selfi kwanza (`Flip Horizontally`), ndipo naazima.

Pua naiacha mwisho. Tundu la kulia limevutwa na mpira, kwa hiyo nanakili la kushoto na kuligeuza. Lakini dirisha la wodi liko upande wake wa kushoto, na nakala imekuja na mwanga wake upande usiofaa, pua ikaonekana imevimba. Naupunguza ule mwanga hadi inakaa. Midomo iliyokauka naiacha. Mikunjo ya macho pia, hiyo ndiyo kicheko chenyewe.

Saa tisa napeleka kwa mchapishaji, nakala moja kwanza. Nilijua: wino umezidi, pua yote imezama gizani. Kioo cha kompyuta kina taa nyuma, karatasi haina. Naongeza mwanga kidogo kwenye sehemu za giza tu, ya pili inatoka vizuri, naipiga picha na kumtumia binti.

Anakaa kimya dakika kumi na tano. Kisha: “Chunjua sikukuambia.”

Namweleza habari ya leso. Anasema zichapishwe nakala mia mbili.

Saa kumi na moja nafunga mlango, simu inalia tena. Ni yeye.

“Kaka, ile yenye mipira usiifute. Hiyo ni yangu.”