Siku moja maishani mwangu: gauni la kijivu kugeuka kanga

Saa moja asubuhi. Niko Ngamiani hapa Tanga, chai na maandazi na mbaazi mezani, kompyuta inawaka taratibu. Kazi ya leo ni ya mama mmoja mwenye duka la kanga. Ana picha mbili za binti aliyevaa gauni la kijivu lisilo na maua, moja amesimama mbele na nyingine ametupa mgongo, na anataka binti huyo aonekane amejifunga kanga zake mpya bila kupiga picha upya kila doti inapoingia. Kijivu ni bahati nzuri kwangu, maana kwenye gauni jeupe sana mikunjo inapotea kwenye mwanga na kwenye jeusi inapotea kwenye giza, kijivu kinabakisha yote.

Saa mbili. Kanga yenyewe nimeshaipiga pasi na kuipiga picha kwa juu ikiwa imetandikwa sakafuni. Kabla ya kugusa kitu chochote napima, kwa sababu kosa ninaloliona sana kwenye kazi za watu ni ukubwa wa maua. Kanga hii ina urefu wa sentimita 150 na upana wa 110. Kwenye picha, kutoka kwapani mpaka chini ya goti ambapo kanga ingeishia ni pikseli 3300, kwa hiyo sentimita moja ni pikseli 30, na kanga nzima inatakiwa iwe pikseli 4500 kwa 3300. Ukiiweka kwa kukadiria macho tu, ua la mji linakuwa dogo kama la kitambaa cha mezani na mtu aliyezoea kanga anajua papo hapo kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Saa tatu nikaanza na picha ya mbele. Nikaweka jina la kanga, WEMA HAUOZI, katikati chini, nikamtumia mama aone mpangilio tu. Simu ikaita hapohapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa hilo jina mbona umelileta mbele? Mtu akijifunga, ncha mbili zinakutana mbele, jina linakaa nyuma. Wateja wangu wataona tumemvisha kinyume."

Alikuwa sahihi kabisa na mie nilipaswa kulijua, kanga navaa kila siku. Nikamwambia sawa mama, mbele nitaonyesha pindo zikikutana, jina nalihamishia kwenye picha ya mgongo. Na hapo ndo kazi ngumu ilipoanza, kwa sababu maua yakipinda kidogo vibaya hakuna anayegundua, ila herufi ikipinda vibaya kila mtu anaiona.

Saa nne. Watu wengi wanadhani ile ramani ya kusogeza pikseli ya Photoshop, yaani picha nyeusi na nyeupe inayosukuma maua yafuate mikunjo, inafanya kila kitu. Haifanyi. Inajua mwanga na giza tu, haijui nyonga. Binti huyu akiwa na nyonga ya sentimita 100, nusu ya nyuma ni sentimita 50 za kitambaa, yaani pikseli 1500, lakini kwenye picha nyonga inaonekana pana pikseli kama 1080 tu. Kitambaa chote hicho lazima kiingie humo, na hakibanwi sawasawa, katikati kinabaki kama kilivyo na kinabanwa zaidi kadiri unavyokaribia pembeni pale mwili unapogeuka. Hiyo nafanya kwa mkono na Warp, navuta gridi mpaka maua ya pembeni yawe membamba na pindo la chini lipinde kidogo kufuata mzunguko wa miguu. Umbo la mwili kwanza, mikunjo baadaye.

Saa tano umeme ukakatika, ukarudi saa saba kasoro. Nikala wali na samaki, nikaendelea.

Saa saba. Ramani sasa. Nanakili picha kwenye faili jipya, naigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Kwenye ramani, kijivu cha katikati, 128, hakisogezi kitu, kilichozidi hapo kinasukuma upande mmoja na kilichopungua kinasukuma upande wa pili. Tatizo ni kwamba binti alisimama karibu na dirisha, upande wake wa kushoto wote umeng'aa, na ramani ingedhani upande huo wote ni mkunjo mmoja mkubwa na kuusukuma mzimamzima. Kwa hiyo napitisha High Pass ya pikseli 150, ule mwanga mpana wa dirisha unaondoka, mikunjo inabaki juu ya kijivu kimoja. Halafu Gaussian Blur ya pikseli 6, kwa sababu nyuzi za gauni nazo ni mwanga na giza, usipozilainisha kingo za maua zinatoka na meno kama msumeno. Ukiona meno hayo jua ramani haijalainishwa vya kutosha, ukiona maua yanaelea juu ya mikunjo bila kujali jua umelainisha kupita kiasi. Nahifadhi kama PSD.

Leya ya kanga naikata kwanza ilingane na kanvasi, kilichozidi nje kinaweza kuhamisha ramani isikae juu ya mikunjo yake. Kisha:

```
Filter > Distort > Displace
Horizontal Scale: 8
Vertical Scale: 14
```

Kipimo cha 100 kinasogeza mpaka pikseli 128, kwa hiyo 14 ni kama pikseli 18 hivi pale penye giza au mwanga wa mwisho kabisa, inatosha. Mistari ya pindo ikaanza kupanda na kushuka kwenye mikunjo, nikafurahi sana.

Saa tisa. Ila kuna mkunjo mmoja mrefu unaoshuka nyuma ya magoti, umeingia ndani kabisa, na hapo Displace inashindwa kwa sababu yenyewe inasogeza tu, haijui kuficha. Kitambaa kilichomezwa na mkunjo hakitakiwi kuonekana. Nikachukua kanga yangu, nikaifunga kwenye mgongo wa kiti, nikatengeneza mkunjo kama ule nikapima kwa rula, unameza sentimita 3 hivi, pikseli 90. Nikaikata leya ya kanga kufuata mstari wa mkunjo, upande wa kulia wote nikausogeza pikseli 90 kuingia ndani, maua yakakatika pale pale kama kwenye kanga ya kweli.

Lakini jina nalo likakatika, U na O zikamezwa. Kwa ukweli wa kitambaa ni sahihi, kwa mama mwenye duka haifai, jina ndo linalouza. Kufinyanga herufi zipande juu ya mkunjo ni uongo unaoonekana. Nikakumbuka kwamba hakuna mtu anayejifunga kanga jina likakaa katikati kwa kipimo, kila siku linaenda kulia au kushoto kidogo. Nikarudi kabla ya Warp, nikaisogeza kanga nzima kulia mpaka nafasi kati ya WEMA na HAUOZI, ambayo ni sentimita 4, ikaangukia kwenye mkunjo, nikarudia hatua zote. Maneno yakakaribiana, yanasomeka yote.

Saa kumi na moja nikarudisha kivuli, nakala ya gauni juu kwa Multiply, nimeipandisha kwanza kwa Levels sehemu tambarare zikaribie nyeupe, la sivyo wekundu wa kanga unakuwa wa matope. Mng'ao nimeuacha mdogo sana, kanga ni pamba, haimetameti kama satini.

Saa kumi na mbili jioni mama akajibu kwa sauti: "Hiyo sasa kajifunga mwenyewe. Ile ya mbele lini?"

Nikamwambia kesho asubuhi inshallah, mikunjo ya mbele ni michache, ila pindo mbili zinapopishana nitahitaji leya mbili na kivuli chembamba katikati yake.