Kejeli Mbele ya Wageni: Tafakari ya Ijumaa

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Bi Aisha (r.a.) alimtaja mke mwenzake, Bi Safiyya, kwa neno dogo la kuashiria ufupi wake. Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyaharibu. Sisi wa Mombasa tuliozungukwa na bahari tunajua ni maji mangapi hayo. Katika hadithi hiyo hiyo Bi Aisha anasimulia kuwa alimuigiza mtu, na Mtume akasema hapendi kumuigiza mtu hata akipewa kadha wa kadha.

Nimeikumbuka kwa sababu kejeli za mume na mke zinazosemwa hadharani mara nyingi huja kwa sura hizo mbili: neno dogo na kuigiza.

Chukueni mfano. Mke anauza mahamri na viazi karai pale Majengo, naye amemkopesha jirani shilingi 2,000 bila kumwambia mumewe. Mume ana haki ya kulalamika. Anaweza kumwambia wakiwa wawili, "Umetoa pesa na hatukushauriana, nami nilizitegemea kwa kodi." Hapo amelalamikia kitendo, na kitendo kina jibu: deni litadaiwa, au safari ijayo watashauriana. Lakini anasubiri Jumapili, ndugu zake wamekuja kula pilau, ndipo anasema, "Huyu bibi yangu ni benki ya mtaa, ila kujumlisha hajui," kisha anaiga sauti yake akihesabu. Wageni wanacheka, na mke anainuka kwenda jikoni.

Pale hakulaumiwa kwa mkopo tena. Amehukumiwa kuwa ni mjinga, na mashahidi wameitwa. Ajibu nini? Akikasirika ataambiwa hajui mzaha. Akicheka, ametia sahihi hukumu yake mwenyewe. Ndiyo maana kejeli ya hadharani huumiza kuliko ugomvi wa chumbani.

Wamarekani John Gottman na Robert Levenson, kuanzia miaka ya 1980, waliwarekodi wanandoa wakijadili jambo wanalogombania, kisha wakawafuatilia kwa miaka. Gottman alitaja tabia nne zinazobomoa ndoa: kumshambulia mwenzio tabia yake, dharau, kujihami kila unapoambiwa jambo, na kujifunga kimya. Katika hizo, dharau ndiyo aliyoiona kuwa dalili kubwa zaidi ya talaka. Mtu asiyachukue haya kama ramli, maana wapo wataalamu waliohoji usahihi wa utabiri wake, na ndoa yako haikuwa ndani ya utafiti. Lakini njia ambayo dharau hupita tunaiona wenyewe.

Turudi Majengo. Baada ya Jumapili ile mke anaacha kumwonyesha mumewe daftari la mauzo. Hajanuna, anajikinga tu na kicheko kijacho. Mwezi wa pili mume anasikia deni jingine kutoka kwa watu, na sasa anasema, "Si niliwaambia?" Dharau imezaa siri, na siri imekuwa ushahidi wa dharau. Baadaye hata habari njema hazisemwi nyumbani humo.

Kuna atakayesema Waswahili tuna utani. Ni kweli, na shemeji asiyetaniwa huona ametengwa. Utani hujulikana kwa kuwa mtaniwa naye ana zamu yake ya kujibu, na akisema "basi" mambo huishia hapo. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat, iliyokataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, inatukumbusha kuwa huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko anayemdharau. Wanawake wametajwa peke yao humo, na dada zangu, ile midomo tunayobinua mume anapoongea mbele ya mashoga zetu nayo imo.

Aliyekejeliwa asijibu palepale mbele ya watu. Wageni wakiondoka na moyo umetulia, aseme kilichotokea bila kuongeza: "Jana mbele ya ndugu zako uliniiga sauti, nikaaibika. Ukiwa na neno juu ya pesa, niambie tukiwa wawili." Kisha atazame jibu. Anayesema "nisamehe" na safari ijayo akajizuia, huyo kuna la kujenga naye. Anayeiga hata malalamiko yenyewe, ni wakati wa kuita msuluhishi mmoja kutoka kila upande, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 35, kabla mambo hayajafika kwa kadhi. Palipo na vitisho au kipigo, usalama wa mtu utangulie suluhu.

Na wasuluhishi wasianze na zile shilingi 2,000. Waulize kwanza ni lini mara ya mwisho mke alimwonyesha mumewe daftari, na mume alisema nini alipolisoma.