Alama za lenzi: nilivyozitoa kwenye mchoro badala ya kuzikariri

Nilipokuwa nikijiandaa kurudia fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, tulikuwa na kikundi kidogo cha kusoma jioni. Swali lililotukwamisha lilikuwa fupi: lenzi mbinuko (ile iliyonona katikati) ina urefu wa fokasi wa sm 15, na inatoa taswira kubwa mara tatu kuliko kitu chenyewe. Kitu kiko umbali gani kutoka kwenye lenzi?

Mmoja wetu alipata sm 20. Dada mmoja, aliyekuwa akijifunza kwa video za walimu wa Kihindi, akapata sm 10. Wakabishana kweli, na kila mmoja alikuwa na hesabu safi kabisa.

Kilichotuchanganya zaidi ni kwamba hata kanuni zao hazikufanana. Kitabu chetu kiliandika 1/f = 1/u + 1/v, u ikiwa umbali wa kitu na v umbali wa taswira. Kwenye daftari la dada kulikuwa na 1/f = 1/v − 1/u. "Sasa hapa nani kakosea kunakili?" akauliza jamaa wa sm 20. Hakuna aliyekosea. Ni taratibu mbili za alama. Wa kwanza unasema umbali wa kitu halisi au taswira halisi ni chanya, na wa taswira isiyo halisi ni hasi. Wa pili unahesabu kama kwenye grafu: kitovu cha lenzi ni sifuri, mwanga unasafiri kutoka kushoto kwenda kulia, kilichoko kulia ni chanya na kilichoko kushoto ni hasi.

Niliamua kuacha kanuni zote mbili kando kwanza nichore. Nilichukua karatasi ya grafu, nikaweka skeli ya sm 1 kwa kila sm 5 kwenye mhimili mkuu. Lenzi sikuichora kwa tumbo lake, niliiweka kama mstari mmoja wa wima, mrefu, na kila mwale nikaupinda pale pale kwenye mstari. Ukichora tumbo utajikuta unapinda mwale mara mbili kwa kukisia, na taswira inahama. Kimo cha kitu nilikipa sm 1 ya karatasi bila kujali skeli ya mlalo, kwa sababu skeli ya wima inaweza kujitegemea na umbali wa taswira usibadilike.

Kitu kikiwa sm 20, yaani sm 4 za karatasi, nilichora mwale wa kwanza kutoka ncha yake sambamba na mhimili. Ukifika kwenye lenzi unashuka kupitia fokasi ya upande wa kulia. Mwale wa pili ulipita katikati ya lenzi bila kupinda. Ilikutana sm 12 upande wa kulia, chini ya mhimili, ikiwa na kimo cha sm 3. Kwa skeli yangu hiyo ni sm 60. Taswira halisi, imepinduka, kubwa mara tatu.

Kisha nikasogeza kitu hadi sm 10, ambayo ni ndani ya fokasi. Miale ile ile miwili sasa ilitoka upande wa kulia ikiachana. Haikutani kamwe huko, hata uongeze karatasi nyingine. Nikairudisha nyuma kwa mistari ya nukta hadi ilipokutana upande wa kushoto, sm 6 za karatasi kutoka kwenye lenzi, yaani sm 30, ikiwa imesimama wima na kimo cha sm 3. Nayo ni mara tatu! Mwale wa tatu, ule unaoelekea kana kwamba umetoka kwenye fokasi ya kushoto ukapita ncha ya kitu, uligonga mstari wa lenzi kwenye kimo cha sm 3 na ukaendelea sambamba. Ndiyo maana nasisitiza mstari wa lenzi uwe mrefu. Ukiishia kwenye kimo cha kitu, mwale huo hauna pa kugonga.

Basi swali lilikuwa na majibu mawili, kwa sababu halikusema taswira imesimama au imepinduka. Hapo alama ya ukuzaji ikapata kazi kwangu: chanya maana yake imesimama, hasi imepinduka. Jibu la sm 20 lina ukuzaji wa −3, na la sm 10 lina +3.

Nikiwa na michoro miwili mbele yangu, nilirudi kwenye kanuni na kuona jambo ambalo lilinipunguzia mzigo. Kwa lenzi, na kitu halisi kikiwa kushoto, v ina alama ile ile katika taratibu zote mbili. Taswira halisi iko kulia, kwa hiyo ni chanya kote. Isiyo halisi iko kushoto, ni hasi kote. Na f ni chanya kwa lenzi mbinuko, hasi kwa lenzi mbonyeo, kote kote. Kinachobadilika ni u peke yake. Kwa utaratibu wa kwanza:

1/v = 1/15 − 1/10 = −1/30, hivyo v = −30

Kwa ule wa pili, u ni −10:

1/v = 1/15 + 1/(−10) = −1/30, hivyo v = −30

Ukuzaji nao unafuata u. Utaratibu wa grafu unatumia m = v/u, na −30 ukigawa kwa −10 unapata +3. Ule mwingine unahitaji m = −v/u ili ufike hapo hapo. Vitabu vingine vinavyofuata utaratibu huo huandika v/u bila alama ya kutoa, na hapo m inakuwa ukubwa tu. Ukikutana na hicho, usiitumie alama yake kuamua kama taswira imesimama, maana utapata −3 kwa taswira iliyosimama.

Hatari iko kwenye kuchanganya: kuchukua kanuni ya kitabu kimoja na kuweka u = −10 ya kingine. Unapata 1/v = 1/15 + 1/10 = 1/6, hivyo v = sm 6. Namba inaonekana nzuri, lakini inasema taswira halisi imeundwa kati ya lenzi na fokasi yake. Kwa lenzi mbinuko na kitu halisi hilo haliwezekani, kwani taswira halisi haiji karibu zaidi ya fokasi hata kitu kiwe mbali kama mlima. Tangu hapo, v chanya iliyo ndogo kuliko f ndiyo ishara yangu ya kwanza kwamba taratibu zimegongana. Lenzi mbonyeo yenye f = −15, kitu kikiwa sm 10, ndiyo inayotoa sm 6, ila ni −6: kushoto, imesimama, imepungua hadi 0.6.

Dada alitaka tutumie ujanja huo huo wa "u peke yake" kwenye vioo vya duara. Hapo haufai. Kioo kinarudisha mwanga kushoto, kwa hiyo taswira halisi iko kushoto, na kwa utaratibu wa grafu u, v na f zote zinageuka alama. Kanuni yenyewe, 1/f = 1/u + 1/v, inabaki ile ile kote, na m = −v/u pia. Ni kinyume kabisa cha lenzi, kwa hiyo vioo niliviwekea ukurasa wake na mchoro wake.