Siku yangu na andiko la visima sita

Saa 2 asubuhi. Kazi yangu ni kusoma maandiko ya kuomba ruzuku na kuyapa alama. La leo lina kurasa 24 na viambatisho vitatu. Sianzi kusoma maelezo. Naanza langoni: cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa, barua za kamati za watumiaji wa maji. Hapa hakuna alama, ni ndiyo au hapana, na mwenye pengo hafiki mezani hata kama wazo lake ni dhahabu. Hawa wamepita.

Saa 3. Kikundi cha kijamii kinaomba ruzuku ya mwaka mmoja kukarabati visima sita vya pampu za mkono na kuzifundisha kamati zinazovisimamia. Kurasa nne za mwanzo ni maneno yale yale ninayoyasoma kila msimu. Halafu kwenye kiambatisho nakuta picha ya daftari la kisima kimojawapo, mwandiko wa kalamu ya risasi: pampu ilikaa siku 41 ikisubiri kipuri kidogo cha mpira. Ukurasa ule mmoja umenieleza tatizo kuliko zile nne. Uhitaji nawapa 17 kati ya 20. Mpango wa kazi nao umepangika, 22 kati ya 30.

Saa 4 na nusu. Bajeti. Nina mazoea ya kuchukua namba moja na kuifuata kila inakokwenda. Leo nimechukua idadi ya watakaofundishwa. Maelezo yanasema kamati sita zenye wajumbe saba kila moja, yaani watu 42. Ratiba inasema mafunzo ni siku 3. Bajeti inalipa posho na chakula kwa watu 60 kwa siku 5. Kwa hiyo kazi inahitaji posho 126, fedha zinaombwa za posho 300. Hiyo ni zaidi ya mara mbili, na ndilo fungu kubwa kuliko yote.

Ni wizi? Sidhani. Nikishuka mistari miwili nakuta neno “walimu” mahali palipopaswa kuwa “wajumbe wa kamati”. Jedwali limenakiliwa kutoka mradi wa zamani na aliyenakili hakurudi kuhesabu. Ila mfadhili hawezi kulipia namba ambayo mwombaji mwenyewe hajui ilikotoka.

Kinachonisumbua zaidi ni mstari wa vipuri: “vipuri, jumla”, kiasi kimoja, basi. Hakuna aina, hakuna idadi, hakuna bei ya kimoja. Mradi mzima unaumwa ugonjwa wa vipuri, na dawa yake ndiyo iliyoandikwa kwa haraka kuliko zote. Gharama za uendeshaji nazo zimevuka kidogo: mwongozo unaruhusu asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja, wao wamepiga asilimia 10 ya jumla yote. Kumi juu ya tisini zinazobaki ni asilimia 11.1. Kosa la kawaida, linarekebishika.

Saa 7. Nimefunga kompyuta. Alama za bajeti sizitoi nikiwa bado nimekunja uso.

Saa 8 mchana. Bajeti 11 kati ya 25. Sasa vipimo. “Watu 3,000 watanufaika.” Gawa kwa visima sita, unapata 500 kamili, na hiyo naijua: viwango vya Sphere vinavyotumika kwenye misaada ya dharura vinaweka watu 500 kuwa ukomo wa pampu moja ya mkono. Kwa hiyo si watu waliohesabiwa. Ni ukomo wa kitabuni uliogeuzwa kuwa walengwa.

Kiashiria cha pili ni “kamati sita zimefundishwa”. Hicho kinasema mafunzo yamefanyika, hakisemi kama pampu itakaa tena siku 41. Na kipimo kizuri kilikuwa mikononi mwao, kwenye lile daftari: siku ngapi hupita tangu pampu iharibike hadi itoe maji tena. Wangekusanya siku hizo kwa visima vyote sita kabla ya kuanza, wangekuwa na pa kuanzia. Wamenipa kimoja tu. 12 kati ya 25, jumla 62. Kiwango cha kupita ni 65.

Saa 10. Kikao na mwenzangu, ambaye amesoma peke yake. Yeye ana 74, na tofauti kubwa iko kwenye bajeti: amewapa 20.

“Wewe siku tatu umezitoa wapi?” akaniuliza.

“Kiambatisho cha pili, ndugu yangu. Ratiba.”

Akaifungua, akanyamaza, akashuka hadi 12. Sasa ana 66, wastani wetu 64. Alitaka nami niongeze alama mbili kwenye vipimo ili wastani ufike 65 tumalize. Nilikataa, alama za kusukumia watu mlangoni siwezi kuzitetea mbele ya kamati ya ruzuku.

Saa 11 jioni. Mwongozo unaruhusu kuomba ufafanuzi, si kuandika upya. Nimetuma maswali matatu: watu wangapi kwa siku ngapi, vipuri gani na vingapi kwa kila pampu, na kama visima vingine vitano vina madaftari. Wana siku tano za kazi kujibu.