Mlikula nini miezi minane?

Duka letu la vitenge pale Kondele, Kisumu, liliungua usiku wa tarehe 10 Septemba 2019. Waya wa stima katika duka la jirani ulilipuka, moto ukapita kwenye paa, na hadi gari la zimamoto la kaunti lilipofika, mabati yalikuwa yamekwisha kuanguka ndani. Mama alisimama barabarani na leso yake mdomoni. Mimi nilikuwa na miaka 23 na ndiye niliyemsaidia kuuza, kwa hiyo yote yaliyofuata yalitupata pamoja.

Bima tulikuwa nayo kwa sababu moja tu. Mwezi wa Januari Mama alichukua mkopo, na wakopeshaji walimtaka akatie bidhaa zake bima. Kadi ya bima ilisema shilingi 700,000. Kila mtu sokoni alituambia tumebahatika. Sisi wenyewe tuliamini hivyo, mpaka tulipopewa fomu ya madai na kukuta mstari mmoja umeandikwa thamani ya bidhaa zilizoteketea.

Vitabu hatukuwa navyo. Mama ana kichwa chepesi cha hesabu na alikuwa anajua kila pande lilitoka wapi na kwa bei gani, lakini kilichoandikwa kilikuwa daftari moja la madeni, nalo lilikaa kwenye droo ya meza iliyogeuka majivu. Wakala aliyetuuzia bima akatushauri: andikeni kubwa, watakata wenyewe. Mama akaandika 1,200,000. Alikuwa amepiga hesabu kwa bei anayouzia wateja, akaongezea uchungu wa kupoteza duka. Ile karatasi nusura ituharibie kila kitu.

Kosa la pili tulilifanya asubuhi ya baada ya moto. Vijana wa soko walikuja na makoleo kutusaidia, na kwa moyo mwema kabisa wakazoa upande mzima wa kushoto wakapeleka jaani. Tulipoona jivu linaondoka, tulihisi nafuu. Hatukujua kwamba tulikuwa tunatupa ushahidi.

Mkadiria hasara wa kampuni ya bima alitoka Nairobi siku ya nne. Alikuwa mzee mpole, viatu vyake vya ngozi vikachafuka kwa masizi naye hakujali. Alimwamkia Mama, akampa pole, kisha akaingia upande wa kulia ambao haukuguswa, akachuchumaa mbele ya rafu iliyoanguka. Akatoa kisu kidogo na kuchomeka kwenye fungu lililoonekana kama mkaa mtupu. Ndani yake kulikuwa na kitambaa kizima. Kitenge kilichokunjwa na kubanwa na wenzake hakiungui kama karatasi: moto hula kingo na pande la juu, lakini katikati hukosa hewa, rangi ikabaki. Akaanza kufunua kingo moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu noti. "Mama, fungu hili lina kumi." Mama akajibu, "Kila fungu langu ni kumi, baba. Hivyo ndivyo ninavyopanga."

Akapima rafu kwa utepe. Rafu zilikuwa nane, nne kila ukuta, na kila moja ilibeba mafungu kumi kando kwa kando. Hiyo ni pande 800 duka likijaa pomoni. Vitenge vyetu tulinunua wastani wa 800 na kuuza 1,000, kila pande la yadi sita. Akaliandika hilo, akamtazama Mama kwa upole akasema, "Duka hili likijaa kabisa linabeba bidhaa za 640,000 kwa bei ya kununulia. Nyinyi mmeandika 1,200,000. Zilizobaki zilikaa wapi?"

Mama alinyamaza. Nilimwona akikunja pindo la leso, akilikunjua, akilikunja tena. Yule mzee akatueleza bila kupandisha sauti kwamba bima ya aina ile hulipa kile ambacho kingegharimu kununua bidhaa tena, si faida ambayo ungepata. Akasema pia kwamba dai likionekana limekuzwa makusudi, kampuni inaweza kulikataa lote, hata sehemu iliyo ya kweli. Akatupa wiki mbili tulete hesabu ambayo kila tarakimu yake ina karatasi, pamoja na barua ya kuiondoa ile ya kwanza.

Jioni hiyo niliketi na Mama kwenye mkeka. Njia aliyotueleza ilikuwa hii: anza na bidhaa zilizokuwepo siku fulani inayojulikana, ongeza zote zilizonunuliwa tangu siku hiyo, toa gharama ya zote zilizouzwa. Kinachobaki ndicho kilichokuwa rafuni usiku wa moto. Sentensi ilikuwa fupi, lakini kila kipande chake kilitutoa jasho.

Siku inayojulikana tuliipata pasipo kutarajia. Afisa wa mkopo alipokuja tarehe 14 Januari kukagua biashara, alihesabu rafu moja baada ya nyingine akajaza fomu yake, Mama akatia sahihi. Nilikwenda ofisini kwao nikaomba nakala. Ilisema 640,000 kwa bei ya kununulia. Fomu ile tuliwahi kuiona kama usumbufu wa kupata mkopo. Sasa ndiyo ikawa nguzo ya hesabu yote, kwa sababu iliandikwa na mtu asiyekuwa na faida yoyote katika dai letu.

Ununuzi tuliutafuta kwenye simu. Mama hulipa wauzaji wa Eastleigh kwa M-Pesa, kisha mzigo unakuja kwa basi. Niliomba kwa simu taarifa ya miezi minane, ikaja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Tuliichapisha, na Mama akachukua kalamu nyekundu. Katika safu ya "Withdrawn" kulikuwa na karo ya mdogo wangu, pesa za matanga, umeme, na pesa za wauzaji, zote zimechanganyika. Alipitia mstari kwa mstari, akiweka alama penye majina ya wauzaji peke yao. Kisha nikawapigia wale wauzaji, watatu wakatuma nakala za risiti zao, na kampuni ya basi ikatupa orodha ya mizigo yetu. Malipo yaliyolingana na mizigo yalifika 1,860,000. Yale ya Busia, ambayo Mama alilipa taslimu bila karatasi, tuliyaacha nje. Iliuma, lakini hatukuwa na namna ya kuyaonyesha.

Mauzo yalikuwa sehemu mbili: pesa za wateja kwenye till ya M-Pesa, na taslimu ambazo Mama alikuwa akizipeleka benki kila Jumatatu. Nilizijumlisha zikawa 2,150,000, baada ya kutoa zamu ya chama iliyoingia benki mwezi wa Mei, maana hiyo haikuwa kitenge kilichouzwa.

Hapa nikakosea kosa ambalo nadhani wengi hulifanya. Nilijua tunaongeza robo juu ya bei ya kununulia, 800 inakuwa 1,000. Kwa hiyo nikatoa robo ya mauzo nikaita faida, na gharama ikawa 1,612,500. Mkadiria alipoiona alichora kwenye bahasha: shilingi 200 ni robo ya 800, lakini ni sehemu moja tu kati ya tano ya 1,000. Mauzo yamehesabiwa kwa bei ya kuuzia, basi unatoa moja ya tano. Gharama sahihi ilikuwa 1,720,000. Kwa kosa lile dogo bidhaa zetu zilikuwa zimeongezeka karatasini kutoka 780,000 hadi 887,500.

Hata ile 780,000 ilikuwa kubwa kuliko rafu zenyewe. Yule mzee aliweka kalamu chini. "Mama, hebu niambie. Mlikula nini miezi minane?"

Nilidhani anatutania, lakini alikuwa anauliza swali la hesabu. Benki ilionyesha kila kilichoingia, na hapakuwa na pesa ya unga, mboga wala nauli iliyotoka. Basi ilitoka droo ya duka kabla haijafika benki. Kila shilingi iliyolipia ugali ilikuwa kitenge kilichouzwa bila kuonekana popote. Mama akafikiri, akasema takriban 20,000 kwa mwezi. Ikawa mauzo ya 160,000, na kwa gharama 128,000 zinatoka kwenye dai.

Kisha Mama mwenyewe, bila kuulizwa, akataja daftari lililoungua. Bidhaa alizokopesha hazikuwa dukani usiku ule, wala malipo yake hayakuwa yameingia popote. Nilimgusa mkono nikitaka anyamaze, naye akauondoa mkono wangu. Alikaa na kutaja mama mmoja mmoja na deni lake, kwa kumbukumbu tu, mimi nikiandika. Jumla 60,000, gharama yake 48,000. Bima ile haikugusa madeni ya wateja, kwa hiyo kwa kusema kweli tulipunguza dai na deni lenyewe likabaki bila karatasi.

Tukafika 604,000, chini kidogo ya duka lililojaa. Upande wa kulia mafungu yaliyofunuliwa yalikubaliana na hesabu hiyo. Upande tulioutupa jaani uliokolewa na picha: kila mzigo ulipofika nilikuwa napiga picha ya vitenge vipya kwa ajili ya wateja wa WhatsApp, na nyuma ya vitambaa, bila mimi kukusudia, rafu za kushoto zinaonekana. Ya mwisho ilikuwa ya siku tano kabla ya moto. Mkadiria aliikuza kwenye simu na kuhesabu mafungu kwa ncha ya kalamu.

Vitambaa vilivyobakia vizima ndani ya mafungu vilithaminiwa 24,000, tukabaki navyo na kiasi hicho kikakatwa. Ikabaki 580,000, ikatolewa asilimia 5 ambayo mkataba ulisema tujibebee wenyewe. Hundi ikaja mwezi wa Desemba, 551,000. Mkopo ulilipwa kwanza, na kilichosalia kilijaza rafu tatu.

Wale akina mama wa daftari walianza kuja kabla ya hundi. Wa kwanza alikuwa muuza samaki. Alifungua fundo la kanga, akahesabu 1,500 kwenye kiganja cha Mama, na kuuliza kama kwenye orodha yetu ilikuwa hiyo. Nilitazama karatasi niliyoiandika mbele ya yule mzee. Mama alikuwa ametaja 1,500.